Mpaka wa mashamba mawili mteremkoni: kwa nini futi kamba, simu na ramani vinatofautiana

"Mpima alitusomea mkutanoni kwamba mpaka kati ya shamba la marehemu baba yetu na la jirani una urefu wa mita 188. Mimi na kaka zangu tulirudi shambani tukatandaza futi kamba kutoka bikoni ya juu hadi ya chini, tukapata mita 196. Tena nikisimama kwenye bikoni ya chini, simu yangu inaonyesha nimo ndani ya shamba la jirani kwa mita kama nne. Mpima alieleza kwa muda mrefu lakini wengi hatukumwelewa. Je, tumepunjwa?" (Msomaji, Lushoto)

Ndugu msomaji,

Mita nane unazozitafuta karibu zote zimo katika mteremko wa shamba lenu, na mita nne za simu zimo ndani ya simu yenyewe. Kwa hayo mawili sioni dalili ya kupunjwa. Liko jambo la tatu ambalo hukuliuliza, nalo ndilo ningelichunguza kwanza kama ningekuwa katika nafasi yako, lakini huwezi kulifikia kabla ya kuelewa mpaka unapimwaje, hivyo nitalifikia mwishoni.

Mimi ni mpima ardhi, na nimewahi kusimama mahali aliposimama mpima wenu, mbele ya watu waliokuwa na hakika kwamba nimewala. Mashamba yenyewe yalikuwa mawili, yakipakana kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro. La magharibi lilikuwa la mama mmoja mjane, na la mashariki lilikuwa la mzee aliyelirithi kwa baba yake. Yote mawili yalianzia kwenye njia ya juu na kuishia kwenye mfereji wa maji bondeni, na kati yao palikuwa na mstari wa masale, mmea ambao Wachaga wameutumia tangu zamani kuweka mpaka. Mzee alisema mpaka umenyooka kutoka njiani hadi mfereji. Mama alisema haukunyooka, bali unapita kwanza kwenye shina la mringaringa ulio katikati ya mteremko, kisha unapinda kidogo kuelekea mfereji. Baada ya kupima niliitwa kwenye mkutano wa kijiji kueleza. Nayaweka hapa maneno yangu ya siku ile kama ninavyoyakumbuka, nikiruka mahali nilipojirudia, maana yatakujibu vizuri zaidi kuliko maelezo ya kitaalamu.

"Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama nyuma. Nimeambiwa kwamba watu wanauliza mashine yangu iliujuaje mpaka wakati haikuwapo hapa miaka 50 iliyopita. Jibu ni kwamba haikuujua. Mashine hii inajua jambo moja tu: mahali nguzo yake iliposimama. Waliojua mpaka ni watu waliotembea nao asubuhi ile, yaani wenye mashamba wawili, majirani wa juu na wa chini, na wajumbe wa kamati ya kijiji ya uhakiki. Mimi nilikuja nyuma yao nikiweka nguzo pale walipokubaliana, na pale ambapo hawakukubaliana sikuweka nguzo mpaka walipomaliza.

"Juu, kwenye njia, hakukuwa na ubishi. Mzee na mama walisimama mahali pamoja, tukachimbia bikoni ya kwanza. Chini, kwenye ukingo wa mfereji, hakukuwa na ubishi pia, tukachimbia bikoni ya tatu. Ubishi ulikuwa katikati, kwa sababu masale yaling'olewa hapo wakati kahawa ilipopandwa upya, na hakuna aliyefanya kosa kwa kufanya hivyo kwa kuwa mashamba yote mawili yalikuwa bado yanalimwa na ndugu. Sasa kamati ilifanya kazi ambayo nataka muisikie vizuri. Iliyafuata masale yaliyobaki juu, ambayo yanashuka mita 60 kutoka njiani kabla ya kukatika, ikauliza: yanaelekea wapi?

"Tulivuta kamba mbili kutoka bikoni ya juu, moja ikielekea kwenye mringaringa kama alivyosema mama, na nyingine ikielekea moja kwa moja kwenye bikoni ya mfereji kama alivyosema mzee. Kamba hizo zinapoanza ziko pamoja. Zinapofika mita 60, zimeachana kwa mita 2 na kidogo. Masale ya mwisho yaliyobaki yalikuwa yamekumbatia kamba ya mringaringa, na kamba ya pili ilipita nje ya safu nzima, upande wa mama. Tukafanya hivyo hivyo kutoka chini, na masale ya chini nayo yakapanda yakiuelekea mti. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema, 'Basi, wekeni kwenye mti.' Bikoni ya pili haikuwekwa na setilaiti. Iliwekwa na masale na kauli hiyo."

Hapa naomba nikatize hotuba, msomaji, kwa sababu kuna jambo sikulisema siku ile nikihofia kuwachanganya watu. Masale hayasimami kama ukuta. Huchipua pembeni, yakikatwa hupandwa upya kwa vipande, na safu iliyopandwa kwa mstari mmoja inaweza, baada ya miaka 40, kuwa pana kwa mita 2. Ukingo upi basi ndio mpaka? Kawaida yetu ni kupima kingo zote mbili kila baada ya hatua chache na kuchukua katikati yake, ikiwa wote wawili wanaafiki. Kwa hiyo mtu anapokuambia kwamba mpaka wenu umepimwa kwa usahihi wa sentimita 2, anasema kweli kuhusu nguzo, lakini kuhusu mpaka wenyewe kabla ya kupimwa hakuna aliyekuwa na hakika ya sentimita 2. Tangu siku bikoni zilipochimbiwa na watu kuweka sahihi ndipo mpaka ukapata usahihi huo.

Naendelea na hotuba.

"Sasa nguzo zimesimama. Nimezipimaje? Mliona vyombo viwili vinavyofanana, kila kimoja juu ya nguzo yake. Kimoja nilikiacha siku nzima kwenye alama ya upimaji iliyo katika uwanja wa shule, na watoto wakaambiwa wasikiguse. Kingine nilitembea nacho. Watu wakaniuliza kwa nini nimekuja na viwili, mbona simu ni moja na inaonyesha mahali?

"Chukulieni mizani ya dukani iliyoharibika, inayozidisha uzito kwa kiasi msichokijua. Mkiweka sukari juu yake hamwezi kuujua uzito wa kweli. Lakini mkiweka kwanza jiwe la kilo 1, na mizani ikasoma kilo 1 na gramu 100, mmeshajua inazidisha gramu 100, na kila mtakachopima dakika ile mtakipunguza gramu 100. Ishara za setilaiti zinatoka juu sana, kilomita zaidi ya 20,000, na zikipita angani hucheleweshwa kidogo, hivyo chombo hujiona kiko mahali ambapo hakipo. Kile cha shuleni ni jiwe la kilo. Kiko mahali panapojulikana tangu zamani, kwa hiyo kila sekunde kinajua kinadanganywa kwa kiasi gani na kuelekea upande gani. Hiki cha shambani kiko karibu nacho, kinadanganywa kwa kiasi kile kile, na tunakitoa. Ndiyo maana kosa la mita kadhaa linashuka hadi sentimita 2 au 3."

Mzee mmoja aliuliza kama chombo hicho hakikosei kabisa, nami nilimshukuru kwa swali hilo.

"Kinakosea, mzee wangu, na nitakuonyesha kilipokosea hapa hapa. Kwenye bikoni ya juu, mahali peupe, kioo chake kiliandika FIX, maana yake kimeridhika. Nilipima asubuhi, nikarudi alasiri wakati setilaiti zimehama, na vipimo viwili vilitofautiana kwa sentimita 1 na nusu. Chini kwenye mfereji ikawa hivyo hivyo. Lakini chini ya mringaringa, kwenye majani mengi, kioo kiliandika FLOAT, maana yake chombo kinakisia, na tarakimu zilikuwa zinaruka kwa sentimita 40 nikiwa nimesimama kimya. Kipimo hicho sikukitumia. Mliniona nikibeba kile chombo chenye darubini, nikakisimika mahali peupe palipokwisha kupimwa na setilaiti, kijana akasimamisha kioo kwenye bikoni ya mti, nami nikapima pembe na umbali kwa mwanga. Mwanga hausumbuliwi na majani mradi nauona mlengwa. Jambo la pili linalokosesha ni mkono wa mtu. Nguzo yangu ina urefu wa mita 2, na nikiiinamisha kidogo tu, digrii 5, ncha ya juu inahama kwa sentimita 17. Ndiyo maana kijana wangu alikuwa akikitazama kile kipovu cha maji bila kupepesa, na ninyi mkamcheka."

Baada ya hapo nilisoma matokeo. Kutoka bikoni ya juu hadi ya mringaringa, umbali ulikuwa mita 108.17, na kutoka mringaringa hadi mfereji mita 105.77. Mzee akasimama. Alisema alipokabidhiwa shamba na baba yake walihesabu hatua 280 kushuka na hatua 35 kukata mteremko, na kwa kuwa kila mtu anajua ekari moja ni hatua 70 kwa 70, lake ni ekari mbili kamili. Karatasi yangu iliandika ekari moja na nusu kasoro kidogo. Ukumbi ulichangamka, na mimi nikajua kwamba kazi yote ya asubuhi itaanguka nisipoieleza nusu ekari hiyo.

"Hesabu ya mzee ni sahihi. Hatua 280 mara 35 ni hatua za mraba 9,800, na hizo ni ekari mbili za hatua 4,900 kila moja. Kilichopungua ni hatua. Ekari ina mita za mraba 4,047, na ili 70 kwa 70 itoe ekari, kila hatua lazima iwe na sentimita 91. Nimemwomba mzee atembee hapa mbele yenu hatua 20, na tumepima pamoja: mita 16. Hatua yake ni sentimita 80, na sidhani ya baba yake akipanda na kushuka mlima ilikuwa ndefu zaidi. Kwa hatua ya sentimita 80, ile 280 ni mita 224, na ile 35 ni mita 28. Ukizidisha unapata ekari 1.55. Hapo tayari karibu nusu ekari imeondoka, wala hakuna jirani aliyeigusa.

"Lakini mzee atasema, hata mita 224 mbona hazipo kwenye karatasi? Karatasi ina mita 214. Njooni hapa nje, jua liko utosini."

Nilitoka nao na fito iliyonyooka. Niliisimika ikiwa imeinama, nikapima urefu wake, kisha nikapima kivuli chake chini. Kivuli kilikuwa kifupi kuliko fito, na kadiri nilivyoilaza ndivyo kivuli kilivyorefuka mpaka, ilipolala chini kabisa, vikalingana. Watu wazima walinyamaza, na mtoto mmoja akasema, "Ramani ni kivuli." Sijapata mwanafunzi wa chuo aliyelisema vizuri namna hiyo. Ramani ya shamba ni kivuli cha shamba wakati jua liko utosini. Futi kamba iliyolazwa juu ya mteremko inapima fito, na ramani inaandika kivuli.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sheria na desturi ya upimaji zinapendelea kivuli, wakati mkulima analima fito. Sababu ya kwanza ni kwamba mgomba na muhindi havioti kwa kulalia mteremko, vinasimama wima, na nafasi vinayoigawana juani ni ile ya kivuli. Ya pili ni ya hesabu: mashamba yote ya kijiji yanapaswa kushikana kwenye karatasi moja bila kuachiana nafasi, na jambo hilo haliwezekani kama wa mteremkoni atapima kwa fito na wa bondeni kwa kivuli. Ya tatu, ambayo wengi hawaifikirii, ni kwamba mteremko una mashimo na vichuguu. Ukitandaza futi juu yake leo unapata urefu mmoja, na baada ya mvua kubwa kumomonyoa udongo unapata mwingine. Kivuli hakibadiliki.

Sasa rudi kwenye shamba lenu, msomaji. Futi kamba ilitoa 196 na karatasi ina 188. Ili fito ya mita 196 itoe kivuli cha mita 188, bikoni ya chini lazima iwe chini ya ile ya juu kwa mita 55 hivi, sawasawa na mteremko wa digrii 16. Hesabu yake ni hii, nawe unaweza kuirudia kwa kikokotoo cha simu:

```
196 × 196 = 38416
188 × 188 = 35344
38416 − 35344 = 3072
√3072 = 55.4
```

Je, shamba lenu linashuka mita 55 kutoka juu hadi chini? Kwa vilima vya Lushoto si ajabu hata kidogo. Kama linashuka kiasi hicho, mita nane zimekwisha kujieleza. Kama shamba lenu ni tambarare, basi maelezo yangu hayakufai na mna haki ya kurudi kwa mpima leo leo.

Usiniamini kwa maneno. Pimeni upya kwa ngazi, njia ya wazee wa kazi hii kabla ya vyombo vya kisasa. Mnahitaji futi kamba ile ile, uzi wenye jiwe mwishoni kuwa timazi, na watu watatu. Kwa mteremko wenu msitumie vipande vya mita 10, kwa sababu kwa umbali huo ardhi inashuka karibu mita 3 na hakuna mtu atakayeweza kuinua futi hadi hapo. Tumieni vipande vya mita 5, ambavyo vinamfanya mtu wa chini ashike futi kifuani hivi, kiasi cha mita 1 na nusu kutoka ardhini. Wa juu aishikilie sifuri chini kwenye alama, wa chini aivute ikiwa imelala sawa kama maji kwenye beseni, wa tatu akiwatazama kutoka ubavuni awaambie kama imeinama. Kisha wa chini aning'inize timazi kwenye mita 5, na pale jiwe linapogusa ardhi ndipo panapoanza kipande kinachofuata. Mtapata vipande 37 na mabaki ya kama mita 3. Futi ikilegea au ikiinama itawapa urefu mkubwa kupita kiasi, kamwe si mdogo, kwa hiyo mkikosea mtakosea kwa kuzidisha. Mkipata kati ya 187 na nusu na mita 189, mpima wenu hakuwadanganya kuhusu urefu. Mkipata 192, aidha mmeinamisha futi au kuna la kumuuliza.

Kuhusu simu sitasema mengi. Simu nzuri mahali peupe huonyesha mahali ulipo kwa kosa la kama mita 5, na chini ya migomba au ukutani mwa kilima kosa hukua. Tena mstari wa mpaka unaouona juu ya picha ya angani umechorwa juu ya picha ambayo yenyewe inaweza kuwa imeteleza kwa mita kadhaa. Simama kwenye bikoni hiyo hiyo asubuhi, adhuhuri na jioni, na kila mara uandike tarakimu za mahali zinazoonekana. Tarakimu ya tano baada ya nukta ni sawa na mita 1 hivi, basi utaona bikoni yako ikitembea mchana kutwa huku imechimbiwa. Lingekuwa jambo jingine kama simu ingekuonyesha uko mbali kwa mamia ya mita. Hapo kosa si la simu: ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilitumia msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, na simu hutumia mwingine uitwao WGS 84. Mahali pale pale pakiandikwa kwa misingi hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300 kaskazini na kusini. Nimeona mtu akibomoa uzio kwa sababu hiyo.

Nirudi kwenye Kilimanjaro mara moja tu, kwa sababu kilichotokea mwishoni kinahusu lile jambo la tatu. Nilipomaliza habari ya kivuli, kijana wa mzee aliuliza: kama tungevuta kamba moja iliyonyooka, kama baba alivyotaka kwanza, tungepata kiasi gani zaidi? Nilimjibu bila kuficha. Mringaringa uko mita 3.8 nje ya mstari ulionyooka, kwa hiyo pembetatu kati ya kamba hiyo na mpaka wa kweli ina mita za mraba 406, sehemu moja ya kumi ya ekari. Kwa migomba iliyopandwa mita 3 kwa 3, ni migomba 45. Migomba 45 ni mlo wa nyumba. Vipimo vyangu vingekuwa sahihi kwa sentimita 2 hata kama kamati ingeamua kukata kona ile, na mama angepoteza migomba hiyo kwa usahihi mkubwa, kwa ramani safi, bila tarakimu hata moja kukosewa.

Ndiyo maana, msomaji, ninakuuliza wewe: siku ya uhakiki, nani aliutembea mpaka kwa niaba ya marehemu baba yenu? Kama ni kaka yenu mkubwa anayelijua shamba, na majirani wa juu na wa chini walikuwapo, tulieni. Kama ni mjukuu aliyekulia mjini, au kama hakuna yeyote wa ukoo wenu aliyekuwapo na jirani akaonyesha peke yake, basi hapo ndipo penye swali, na hakuna futi kamba itakayolijibu.

Katika ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kumbukumbu za uhakiki huandikwa na waliokuwapo huweka sahihi. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji mkaombe kuona fomu ya shamba lenu, na mtazame majina yaliyo chini kabla ya kutazama vipimo. Ombeni pia mchoro na orodha ya namba za kila bikoni. Hesabuni bikoni. Mpaka wenye bikoni mbili tu, juu na chini, unadai kwamba umenyooka kabisa, na kama baba yenu aliwahi kuwaambia kwamba mpaka unapinda kwenye mti, jiwe au kona ya korongo, basi kona hiyo imekatwa. Nendeni mahali hapo mkatafute kisiki, mizizi ya ua wa zamani, au ukingo ambapo jembe la upande mmoja limeacha tuta. Mahali mpaka unapokata mteremko na kulimwa pande mbili kwa miaka mingi, huacha ngazi ya udongo, kwa sababu udongo wa juu hujikusanya kwenye ua na wa chini huchukuliwa na maji. Ngazi hiyo hubaki hata ua ukifa.

Mkikuta dalili ya namna hiyo, msing'oe bikoni. Kung'oa bikoni ni kosa, na isitoshe mtapoteza ushahidi wenu wenyewe. Andikeni malalamiko kwa Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu kati yao ni wanawake, mkitaja mahali kona ilipokuwa na watu wanaoijua. Kazi ya baraza hilo ni kuwapatanisha, na likikubali kwamba kona ilirukwa, mpima ataitwa kuongeza bikoni moja. Ni kazi ya nusu siku, kwa kuwa bikoni za juu na chini zimekwisha kupimwa na yeye anaongeza ya tatu tu.

Kama mtafika huko, mwombeni afanye anachofanya mpima yeyote mwangalifu: kabla ya kuchimbia bikoni, afukie chini yake alama isiyooza, kama chupa iliyopinduliwa, na aandike kwenye mchoro umbali kutoka bikoni hiyo hadi vitu viwili visivyohama, mwamba au pembe ya msingi wa nyumba. Bikoni ikihamishwa usiku, chupa haitajua njia ya kuifuata.